Barua ya wasiwasi kuhusu kazi inayoshuka: iandikwe vipi, na ijibiwe vipi

Nimekaa miaka mingi katika ofisi za wafanyakazi hapa Mombasa, na barua ninayoletewa mara nyingi zaidi niisome si ile ya kufuta kazi. Ni ile inayotangulia. Mwajiri ameona kazi ya mtu wake inashuka, hajataka kumpa onyo, hajataka kumwita kwenye kikao, lakini hataki pia kunyamaza. Anaandika barua kusema: nina wasiwasi. Wengine wanaileta kabla hawajaituma. Wengine ni wafanyakazi walioipokea, wanauliza kama ndiyo mwanzo wa mwisho wao.

Barua hii ikiandikwa vizuri huokoa kazi ya mtu na hela za mwajiri. Ikiandikwa vibaya huwa karatasi ya kwanza katika faili la kesi. Mdharau mwiba mguu huota tende, na hapa mwiba wenyewe ni maneno machache yaliyowekwa mahali pasipo pake.

Mahali pake katika safari nzima

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 haina barua kwa jina hili. Kifungu cha 41 kinamtaka mwajiri, kabla ya kumwachisha mtu kazi kwa utovu wa nidhamu, utendaji mbaya au kutojiweza kimwili, amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, akiwa pamoja na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama aliyemchagua mwenyewe, kisha asikilize utetezi wao. Kikao hicho ndicho hatua rasmi. Barua ya wasiwasi inakuja mbali kabla yake.

Kinachoipa barua hii uzito ni maamuzi ya mahakama ya kazi. Katika shauri namba 823 la mwaka 2010 dhidi ya Ol Tukai Lodge, mahakama ilisema mwajiri anayedai mtu alifanya kazi vibaya ana mzigo mkubwa wa kuthibitisha: aonyeshe alikuwa na utaratibu wa kupima kazi nzuri na mbaya. Na katika hukumu nyingine ya mwaka 2012, mahakama ilisema upungufu ukionekana, mfanyakazi aonyeshwe na apewe muda wa kutosha kujirekebisha, na kwamba miezi 2 hadi 3 ni muda wa haki. Kuonyeshwa na kupewa muda: hiyo ndiyo kazi ya barua ya wasiwasi.

Kwa hivyo barua hii si onyo. Kichwa chake kisiseme "Onyo la kwanza". Ukiita onyo, umeingia kwenye nidhamu, na pengine umevunja utaratibu wa kampuni yako mwenyewe au mkataba wa pamoja na chama, ambao huenda unataka mtu asikilizwe kabla ya onyo kutolewa. Wenye mikataba kama hiyo, kwa mfano hoteli zenye wanachama wa KUDHEIHA, wausome kwanza.

Neno "inashuka" lina maana yake

Ukisema kazi imeshuka, umesema ilikuwa juu. Basi lazima uwe na vipimo viwili, vya wakati ule na vya sasa, vilivyopimwa kwa njia moja. Barua nyingi ninazoziona zina kipimo kimoja tu, cha mwezi uliomkasirisha bosi.

Tena kitu kilichokuwa sawa kikaharibika kina sababu, na mara nyingi sababu hiyo ina tarehe. Kuna mwenzake aliyeondoka, mashine iliyobadilishwa, zamu iliyogeuzwa, ugonjwa, mimba au msiba. Kabla ya kuandika neno lolote, mwajiri ajiulize ni nini kilibadilika wiki zile kazi ilipoanza kushuka.

Na atenganishe asiyeweza na asiyetaka. Kifungu cha 44 kinataja kufanya kazi kwa uzembe miongoni mwa makosa yanayoweza kumfukuzisha mtu mara moja. Hilo ni kosa la nidhamu. Mtu anayejitahidi na bado hafikii kiwango hayumo humo. Ukiandika "umekuwa mzembe" ndani ya barua ya wasiwasi umechanganya njia mbili, na baadaye utaulizwa ulikuwa unafuata ipi.

Mfano: karani wa forodha

Tuchukue mfano kutoka kazi inayojulikana sana hapa mjini. Kampuni ndogo ya uwakala wa forodha ina karani anayetayarisha entri za mizigo na kuzituma katika mfumo wa KRA. Entri ikiwa na kosa inarudishwa irekebishwe. Ikirudishwa, kontena linabaki bandarini, gharama za kuhifadhi zinaongezeka, na mteja anapiga simu kwa hasira.

Mwenye kampuni anaona kwamba kuanzia Januari hadi Machi entri 4 za karani huyu zilirudishwa. Kuanzia Aprili hadi Juni zimerudishwa 17. Anataka kuandika kwamba makosa yameongezeka zaidi ya mara nne. Hesabu hiyo ni kweli, lakini si haki. Tuifungue.

Kwanza, idadi ya kazi. Januari hadi Machi karani alitayarisha entri 90, yaani 30 kwa mwezi. Aprili hadi Juni alitayarisha 132, yaani 44 kwa mwezi, kwa sababu mwenzake aliacha kazi mwisho wa Machi na mafaili yake yakahamishiwa kwake. Mzigo umepanda karibu nusu.

Pili, kosa ni la nani. Katika zile 17, mafaili yakifunguliwa moja moja, 6 zilirudi kwa sababu mteja alileta ankara isiyo sahihi au hati pungufu. Zinabaki 11. Na zile 4 za mwanzo zipimwe vivyo hivyo: moja ilikuwa ya mteja, zinabaki 3. Sasa tuna kipimo cha haki: mwanzo entri 1 katika kila 30, sasa 1 katika kila 12. Kazi imeshuka kweli, lakini si mara nne.

Tatu, makosa ni ya aina gani. Katika zile 11, kosa la entri 7 ni namba ya HS, ile inayotambulisha bidhaa na ushuru wake, na zote 7 ni mizigo ya spea za magari. Nne zilizobaki ni uzito ulioandikwa tofauti na hati ya shehena. Spea zilikuwa kazi ya yule mwenzake aliyeondoka. Karani huyu hakuwahi kuzishughulikia.

Tazama sasa. Ukiziweka kando zile 7 za spea, makosa ya kawaida ni 4 katika 132, yaani 1 katika kila 33. Ni sawa na zamani, pengine bora kidogo. Umakini wake haujapotea. Alipewa kazi ngeni bila kufundishwa. Bosi aliyekuwa tayari kuandika kwamba mtu wake amelegea, faili zake mwenyewe zinamjibu kwamba hapana.

Je, barua bado inahitajika? Ndiyo, kwa sababu kuna jambo lililo mikononi mwa karani. Utaratibu wa ofisi unataka entri ya bidhaa ngeni ikaguliwe na msimamizi na kutiwa sahihi kabla ya kutumwa. Katika zile 7 za spea, 5 hazina sahihi hiyo. Hapo pana swali halali la kuulizwa.

Barua yenyewe

Kabla ya barua, yawe mazungumzo ya ana kwa ana, faraghani, mafaili yakiwa mezani. Barua isiwe habari mpya kwa anayeipokea. Na isipitie kwenye kundi la WhatsApp la ofisi, wala nakala isitumwe kwa wasiohusika. Mimi ningeiandika hivi:

> Tarehe 7 Julai
>
> Kwa Bi. F., Karani wa Forodha
>
> KUH: WASIWASI KUHUSU ENTRI ZA MIZIGO YA SPEA
>
> Asalaam aleikum, Bi. F. Barua hii inafuata mazungumzo yetu ya tarehe 3 Julai. Si onyo, na si hatua ya nidhamu.
>
> Kuanzia Januari hadi Machi, entri zako 3 kati ya 90 zilirudishwa kwa makosa ya ofisi yetu. Kuanzia Aprili hadi Juni ni 11 kati ya 132. Hatukuhesabu zilizorudi kwa sababu ya mteja. Orodha ya mafaili yote imeambatishwa.
>
> Kati ya 11 hizo, 7 ni za spea, na kosa ni namba ya HS. Mafaili 5 kati ya hayo hayana sahihi ya mkaguzi. Entri 4 zina uzito usiolingana na hati ya shehena.
>
> Tunajua kwamba tangu Aprili unafanya entri 44 kwa mwezi badala ya 30, na kwamba mizigo ya spea ni mipya kwako.
>
> Tunachoomba: kila entri ya spea ikaguliwe na kutiwa sahihi kabla ya kutumwa, na uzito usomwe mara ya pili kutoka kwenye hati yenyewe. Lengo ni lile ulilokuwa ukilifikia: isirudi zaidi ya entri 1 katika kila 30 kwa kosa letu.
>
> Tutakachofanya sisi: kukupa mafunzo ya namba za spea wiki ijayo, na kutokuongezea mafaili mapya hadi tutakapokutana.
>
> Kama kuna jambo lolote kazini au nje ya kazi linalokutatiza, au kama hesabu zetu zina kosa, tafadhali tueleze kwa mdomo au kwa maandishi kufikia tarehe 14 Julai. Unaweza kuja na mwenzako.
>
> Tutakutana tarehe 4 Agosti kuangalia maendeleo, na tena tarehe 1 Septemba. Mambo yakiwa sawa, tutakuandikia kuwa suala hili limekwisha.

Ni ukurasa mmoja tu. Haimwiti mtu kwa sifa mbaya hata moja. Haitaji kuchelewa kwake mwezi Februari wala simu anazopokea kazini. Haitishi kwa kusema "tutalazimika kukuachisha", kwa sababu mwajiri anayetaja mwisho katika barua ya kwanza anaonekana alikwisha amua. Lengo halitaki kosa sifuri, jambo ambalo karani huyu hakulifikia hata alipokuwa vizuri.

Haisemi pia kwamba gharama za bandari zitakatwa kwenye mshahara. Hili ninaliona sana. Kifungu cha 19 kinaruhusu makato kwa mali ya mwajiri iliyoharibika au kupotea ikiwa mfanyakazi alifanya kusudi. Kosa la kweli la kuandika namba si kusudi.

Kuhusu lugha, iandikwe kwa ile anayoielewa mpokeaji. Nimeona barua za Kiingereza kizito zikipewa watunza bustani na wapishi, nao wakatia sahihi bila kujua walichotia. Barua ya Kiswahili ni barua halali.

Ukiipokea wewe

Pokea na utie sahihi. Kukataa hakuifuti barua, na kunakufanya uonekane mkaidi. Sahihi yako inathibitisha kupokea tu. Ukiwa na shaka, andika pembeni: "Nimepokea, si kukubali yaliyomo." Weka tarehe, na ubaki na nakala.

Kisha jibu kwa maandishi, hata kama barua ina upole kiasi gani. Ukimya utasomwa siku moja kuwa kukubali. Jibu zuri lina sehemu tatu: unachokubali, unachokipinga kwa ushahidi, na unachohitaji.

Karani wetu angeweza kujibu hivi. Anakubali kwamba namba 7 za spea zilikosewa. Kuhusu sahihi 5 zilizokosekana, anaeleza kwamba entri hizo zote zilitumwa alasiri, na msimamizi huwa bandarini kuanzia saa saba. Hakukuwa na mkaguzi mwingine, na mteja alitaka entri iende siku hiyohiyo. Kuhusu uzito, anapinga faili moja kati ya 4: aliandika kama ilivyokuwa katika hati ya shehena, na kampuni ya meli ikaibadilisha hati hiyo siku mbili baadaye. Anaambatisha baruapepe yao. Anaomba mafunzo yawe ya siku nzima, na atajwe mkaguzi wa alasiri.

Jibu kama hilo linageuza mambo. Makosa ya ofisi sasa ni 10, si 11, na mwajiri anapaswa kuandika hivyo. Kubwa zaidi, utaratibu wa ukaguzi haukuwa unafanya kazi nusu ya siku, na mwenye kampuni hakulijua hilo mpaka alipouliza. Angekimbilia onyo asingelijua kabisa.

Kama sababu ni afya, huna haja ya kutaja jina la ugonjwa kwenye barua ambayo kila mtu ofisini ataisoma. Sema unatibiwa, na uombe kukutana faraghani. Hapo mwajiri anapaswa kuacha njia ya utendaji na kufuata njia ya ugonjwa: likizo ya ugonjwa, ushauri wa daktari, na kurekebisha kazi inapowezekana. Mimba, ulemavu na hali ya Ukimwi vimelindwa na kifungu cha 5 dhidi ya ubaguzi.

Dalili za barua isiyo na nia njema

Tazama tarehe. Barua tatu ndani ya siku kumi haziachi nafasi ya mtu kujirekebisha. Hizo ni za kujaza faili. Barua inayokuja wiki moja baada ya mfanyakazi kudai malipo ya saa za ziada inatia shaka pia, na kifungu cha 46 kinasema kumlalamikia mwajiri si sababu halali ya kuachishwa kazi, isipokuwa malalamiko yakionyeshwa kuwa ya kizushi.

Tazama pia kama kuna orodha ya mafaili. "Wateja wengi wamelalamika" bila jina la faili wala tarehe haiwezi kujibiwa, na kisichoweza kujibiwa hakiwezi kurekebishwa. Omba orodha kwa maandishi. Na tazama kama tarehe ya kukutana imewekwa. Barua isiyo na mwisho inaweza kutolewa kabatini baada ya miaka miwili.

Baada ya miezi miwili

Tarehe 1 Septemba hesabu inafanywa tena. Kwa entri 44 kwa mwezi, miezi miwili ni karibu 88, na lengo linaruhusu zisizozidi 3. Kuna njia tatu mbele.

Akifikia lengo, mwajiri aandike barua fupi ya kufunga suala na kuiweka katika faili pamoja na ile ya kwanza. Hii ndiyo hatua inayosahauliwa zaidi, nayo ni haki ya mfanyakazi kama ilivyo barua ya kwanza. Asipopewa, aiombe.

Akiwa amepiga hatua lakini hajafika, tuseme zimerudi 5, muda uongezwe kwa mwezi mmoja, na iandikwe ni nini kimebaki.

Asipobadilika kabisa, na mafunzo amepewa, na mkaguzi wa alasiri yupo, basi mwajiri anaweza kuanza hatua rasmi. Lakini aianze upya: barua yake mwenyewe ya kumtaka ajieleze, mpango wa kuboresha utendaji kama kampuni inao, na kikao cha kifungu cha 41. Barua ya wasiwasi itaonyesha kwamba mtu alielezwa na akapewa muda. Haiwezi kukaa badala ya kikao. Mwajiri anayeruka kutoka barua ya wasiwasi hadi barua ya kuachisha anajiweka katika hatari ya fidia, ambayo kifungu cha 49 kinaruhusu ifike mshahara wa miezi 12.

Kwa karani wa mfano wetu, kilichohitajika kilikuwa siku moja ya mafunzo na mtu wa kutia sahihi alasiri.